Mashua Ndani ya Ukumbi: Kupanga Sini ya Kitambaa cha Kijani kwa Jua la Mkokotoni

Sini yangu ya kwanza ya kitambaa cha kijani ilikuwa ya wavuvi wawili ndani ya ngalawa. Kijani cha nyuma yao kilifutika vizuri kwenye kompyuta, picha ya bahari ikakaa mahali pake, kingo za nguo zilikuwa safi, na bado kila aliyeitazama aliniambia neno moja: hawa watu hawapo baharini. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa sababu. Picha ya bahari niliipiga nikiwa nimesimama ufukweni, kamera ikiwa usawa wa macho yangu. Wavuvi niliwapiga ndani ya chumba, kamera ikiwa usawa wa goti. Tena kwenye bahari jua lilitoka kushoto, na taa yangu ilikuwa kulia. Programu ya kompyuta haikuwa na kosa lolote. Kosa lilifanyika siku nilipochukua picha ya nyuma bila kuandika chochote.

Picha hiyo ya nyuma ndiyo mafundi tunaiita pleti. Mwongozo huu unafuata sini moja tuliyoipanga baadaye kwa utaratibu mwingine. Mama na mwanawe Hamadi wanahama Mkokotoni kwenda Tumbatu kwa mashua ya tanga, alasiri ya mwezi wa Juni. Wamekaa ubao mmoja, kamera iko upande wa omo inatazama tezi, na nyuma yao pwani ya Unguja inazidi kuwa mbali. Mazungumzo yana urefu wa dakika tatu hivi. Kuyapiga baharini kungetaka saa nyingi, na jua lingekuwa limeshahama mara nyingi kabla hatujamaliza. Kwa hiyo bahari tuliichukua kwa alasiri moja, na waigizaji tukawapiga ukumbini siku nyingine.

Pleti kwanza, maneno baadaye

Katika rasimu ya kwanza Mama alikuwa anageuka, anaitazama pwani na kusema, "Ule mnazi wa uani kwetu bado unaonekana." Maneno hayo niliyapenda sana. Tulipokwenda kupiga pleti, chombo kikafika katikati ya mkondo, na pwani ikageuka ukanda mmoja wa kijani kilichoiva. Hapana mnazi hata mmoja unaoweza kunyooshewa kidole. Ningeyaacha maneno yale, mtazamaji angeutafuta mnazi asiuone, na Mama angeonekana anasema uongo.

Tangu hapo naandika rasimu nyepesi, naenda kupiga pleti, kisha narudi na kuandika sini nikiwa na pleti mbele yangu kwenye skrini. Pia naandika sini itazame upande mmoja tu kadiri inavyowezekana. Kugeuza kamera iangalie Tumbatu kungemaanisha jua kuwa mbele ya kamera, taa kuhamia nyuma ya waigizaji, na kila kipimo kuanza upya. Dakika tatu za mazungumzo hazikustahili gharama hiyo, kwa hiyo Tumbatu haionekani katika sini hii. Inaonekana kwenye macho ya Hamadi tu.

Hivi ndivyo ukurasa wenyewe ulivyokaa mwishoni:

SINI YA 7. NJE, MASHUANI KATI YA MKOKOTONI NA TUMBATU, ALASIRI

PLETI: 7A (pwani karibu, nyumba zinaonekana) hadi Mama anapogeuka. Baadaye 7B (pwani ni ukanda tu).

MWANGA: Jua nyuma ya kamera, kushoto. Kijiti 1, kivuli 1.5. Kivuli cha tanga kinampitia Hamadi mara moja.

NAFASI: Mama kushoto kwa fremu, Hamadi kulia, sentimita 70 baina yao. Upeo wa bahari unapita mabegani.

MAMA: Mlango umeukomea?

HAMADI: Nimeukomea, mama. Funguo hizi hapa.

(Mama hazipokei. Anageuka kutazama pwani. Pleti 7B.)

MAMA: Nyumba haionekani tena.

HAMADI: Tumeshafika mbali.

MAMA: Wewe ndiye uliyefika mbali.

(Kivuli cha tanga kinampitia Hamadi. Anazitia funguo mfukoni.)

Mistari mitatu ya juu haisomwi na mtazamaji, lakini inafanya kazi kubwa. Mtu wa taa, mtu wa kamera na mtu wa kuhariri wote wanasoma ukurasa mmoja. Ukiandika pleti bila kusema inabadilika kwenye neno gani, mhariri atachagua mwenyewe, na nyumba itaonekana wakati Mama anasema haionekani.

Siku ya baharini

Kabla ya siku hiyo zungumza na nahodha na sheha wa mahali, kisha tazama maji. Pwani hii maji yanajaa na kupwa kwa takriban saa sita kila upande, na siku za bamvu tofauti yake ni kubwa mno. Pleti ya 7A ukiichukua maji yakiwa yamejaa na 7B baada ya saa tatu, ufukwe utakuwa umepanuka mita nyingi baina ya sentensi mbili za mazungumzo. Sisi tulichagua siku ambayo maji yalikuwa yanakaribia kujaa alasiri, tukapiga pleti zote ndani ya saa moja.

Kamera tuliifunga kwenye mashua yenyewe, haikushikwa mkononi. Kutoka sakafu ya chombo hadi katikati ya lenzi ilikuwa sentimita 90. Namba hiyo haikuja kwa bahati. Upeo wa bahari kwenye picha hukata kila kitu kilicho karibu kwa kimo kile kile cha lenzi. Mtu aliyekaa ubaoni mabega yake yako kama sentimita 90 kutoka sakafuni, kwa hiyo upeo utapita mabegani na vichwa vitakaa mbele ya mbingu. Tungeweka sentimita 115, mstari wa bahari ungepita kwenye macho yao. Na ukumbini kamera lazima ikae kwa sentimita 90 zile zile juu ya sakafu ya mashua yetu ya mbao, kwa lenzi ile ile ya milimita 35, na ikiwa imelala sawa kwa pimamaji kama ilivyokuwa. Ngalawa yangu ya kwanza iliharibika hapa hapa: upeo ulisema kamera iko juu, miili ikasema iko chini.

Mipangilio ya kamera ifungwe yote: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, rangi ya mwanga 5600K, fokasi isijibadilishe yenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, na 1/50 inakuepusha na mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za ukumbini. Pleti ipigwe ikiwa kali kote. Ukitaka bahari ififie nyuma ya uso wa karibu, utaififisha kwenye kuhariri, lakini pleti iliyopigwa imefifia haiwezi kurudishwa. Kila pleti iwe ndefu kuliko sini yenyewe. Za kwetu zilikuwa dakika tano tano, kwa sababu mwigizaji mzuri hunyamaza pale usipotarajia.

Kijiti na kivuli chake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo sini nyingi zinapoharibikia na dawa yake haigharimu kitu.

Chukua kijiti chenye urefu wa mita 1. Kabla ya kupanda chomboni kisimamishe wima mahali pa sawa na upime kivuli chake. Siku ile, saa kumi kasoro robo za alasiri, kivuli chetu kilikuwa mita 1.5. Maana yake ni kwamba kwa kila mita 1.5 taa itakayokaa mbali na mwigizaji, ipande mita 1 juu ya uso wake. Hakuna hesabu nyingine. Ukumbini taa yetu ilikaa mita 3 kutoka kwa waigizaji, basi ikapanda mita 2 juu ya nyuso zao. Nyuso zikiwa kwenye mita 1.15, taa ilisimama mita 3.15 kutoka sakafuni. Dari yetu ilikuwa ya mita 3.4, ikatosha kwa shida. Pima dari kabla hujakodi ukumbi. Kwenye chumba cha dari ya mita 2.6 jua hili haliwezi kuingia, labda uisogeze taa karibu, na taa iliyo karibu ina ubaya wake nitakaoueleza.

Upande wa jua nao uandike siku ile ile. Mwezi wa Juni jua letu linazama likiwa limeegemea kaskazini ya magharibi, na Disemba linaegemea kusini. Mashua ikielekea magharibi na kamera ikitazama mashariki, mkono wa kushoto wa kamera ni kaskazini. Kwa hiyo jua la Juni lilikuwa nyuma ya kamera, bega la kushoto. Sini hiyo hiyo ukiipigia pleti Disemba, taa itahamia bega la kulia. Asiyeandika mwezi na uelekeo atakisia, na atakosea mara moja katika kila mbili.

Kivuli hakisubiri. Saa moja baadaye kijiti kile kile kilitoa kivuli kinachozidi mita 2.5. Ndiyo sababu kila pleti iandikiwe saa yake na kivuli chake, hata kama zimepigwa alasiri moja.

Kijiti hakisemi yote, kwa hiyo mweke na mtu. Kabla ya kila pleti tulimkalisha msaidizi wetu kwenye ubao, mahali pa Mama kisha pa Hamadi, amevaa kanga na kanzu za filamu, tukampiga sekunde 20 akigeuza kichwa polepole. Huyo mtu wa mfano anakuonyesha vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka akiwa mezani. Kivuli cha pua kinaishia wapi? Upande wa kivuli ni mweusi au bahari na mbingu zinaurudishia mwanga? Kwake yeye tuligundua jambo la tanga. Kusi ilikuwa inavuma kutoka kusini, tanga limelala upande wa kaskazini, yaani upande wa jua, na kila chombo kilipoyumba kivuli cha tanga kilimpitia aliyekaa kulia kwa fremu. Sikuwa nimekiandika popote. Nilipokiona, nikakipa nafasi kwenye ukurasa, pale Hamadi anapozitia funguo mfukoni.

Ukumbini

Mashua yetu ilikuwa ubao wa kukalia, kipande cha ubavu alichotutengenezea seremala, na mbao za sakafu. Nyuma yake kitambaa cha kijani, kimevutwa hadi hakina mkunjo. Baina ya waigizaji na kitambaa tuliacha mita 3.

Mita 3 hizo zina sababu mbili. Ya kwanza ni kijani kinachorudi kutoka kwenye kitambaa na kupaka mabega na masikio. Kadiri unavyosogea mbali ndivyo kinavyopungua. Ya pili inatoka kwenye kijiti: kichwa kilicho kwenye kimo cha mita 1.15 kinatupa kivuli cha mita 1.7 hivi nyuma yake, kwa hiyo kivuli kinaishia sakafuni, hakigusi kitambaa. Tungechagua pleti ya saa moja baadaye, kivuli kingefika mita 3 na kupanda kwenye kitambaa, na palipo na kivuli kijani hakifutiki sawa na pengine. Saa uliyochagua baharini inakuamulia ukubwa wa ukumbi.

Kitambaa kiwe na taa zake mbili za pembeni, laini, zisizowagusa waigizaji. Taa ya jua nayo isikifikie: tuliifungia ubao mweusi upande wa juu ili miale inayopita juu ya vichwa isikitie doa.

Taa ya jua iwe moja na iwe kali, usiizibe kwa kitambaa cheupe. Jua la alasiri linakata kivuli cha pua kwa mstari safi, na taa iliyolainishwa inatoa uso wa mtu aliye barazani. Tatizo lake ni kwamba jua liko mbali mno, linawaangaza wote wawili sawa, lakini taa iliyo mita 3 inampa zaidi aliye upande wake. Mama, aliyekuwa karibu nayo, alionekana mweupe kuliko Hamadi. Taa ikiwa karibu zaidi, tofauti hiyo inakua haraka. Tulikata kipande cha chandarua tukakisimamisha mbele ya nusu ya taa, upande wa Mama, mbali kidogo na kioo kisipate moto. Tofauti ikaisha. Kwa upande wa kivuli tulitundika shuka jeupe kulia kwa fremu, na jingine tukalitandika chini mbele ya ubao, kwa sababu maji hurudisha mwanga kutoka chini kwenda kidevuni. Shuka la chini tulilisogeza huku na huku tukilinganisha na mtu wa mfano kwenye skrini ya pembeni, mpaka videvu vikalingana.

Kivuli cha tanga kilikuwa kipande cha turubai kwenye fito, kikipitishwa polepole mbele ya taa.

Nguo nizitaje kwa ufupi. Kanga ya kwanza ya Mama ilikuwa na pindo la kijani, tukaibadilisha na ya damu ya mzee. Mtandio mwepesi nao ni hatari hata kama ni mweusi, kwa sababu kitambaa cha nyuma kinaonekana kupitia humo. Tulimpa ushungi mzito.

Nani anayumba?

Watu wengi hapa huweka ubao juu ya tyubu za gari na kuutikisa. Katika sini hii ni makosa. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye mashua, kwa hiyo kwenye pleti upeo wa bahari ndio unaoinama, na mashua ingeonekana imetulia ndani ya fremu. Ukumbini basi kamera haitikisiki, ubao hautikisiki. Kinachosogea ni miili tu, kwa sababu mtu aliye chomboni hujizuia asianguke: kiwiliwili chake hubaki wima juu ya upeo hata chombo kikilala. Upeo ukiinama kwenye fremu, mabega yanainama pamoja nao.

Hilo huwezi kumwambia mwigizaji kwa maneno akalifanya. Tuliweka televisheni chini ya kamera, pleti ikienda, na wote wawili wakajifunza kuifuata kwa pembe ya jicho. Baada ya mara tatu au nne miili yao ilishika mdundo wa bahari bila wao kuitazama.

Macho yanataka alama zake. Hamadi anatazama Tumbatu, iliyo nyuma ya kamera. Mahali pengine wote wawili wanatazama huko kwa pamoja, na ukibandika alama moja ukutani, macho yao yatakutana kwenye alama hiyo kama wanaotazama kitu kilicho hatua chache mbele yao. Watu wanaotazama kisiwa wanatazama sambamba. Kwa hiyo bandika alama mbili, zenye umbali wa sentimita 70 baina yao, sawa na umbali wa vichwa vyao, kila mmoja na yake. Na ziwe kwenye kimo cha macho ya kila mmoja, kwa sababu upeo wa bahari uko daima usawa wa macho ya anayeutazama. Mama anapogeuka nyuma kutazama pwani, alama yake tuliifanya kwa kipande cha kitambaa kile kile cha kijani, kilichoshonwa kidogo kwa uzi wa rangi hiyo hiyo, nacho kikafutika pamoja na vingine.

Upepo usiusahau. Kusi ilitoka kusini, yaani kulia kwa fremu, kwa hiyo feni ilikaa kulia na ncha ya kanga ikapepea kushoto. Feni ina kelele, na tuliizima wakati wa maneno yote. Kanga ilipepea kwenye ukimya tu, na ukimya katika sini hii ni mwingi.

Kabla hujang'oa taa

Toa fremu moja, iweke juu ya pleti kwenye kompyuta pale pale ukumbini, waigizaji wakiwa bado wamekaa. Weka pembeni fremu ya mtu wa mfano. Tazama kivuli cha pua kwanza, kisha mahali upeo unapokata mabega, kisha rangi ya ngozi upande wa kivuli. Punguza ukubwa wa picha hadi iwe kama ya simu, maana picha ikiwa ndogo tofauti ya mwanga baina ya mtu na bahari inajitokeza haraka.

Kwetu kivuli cha pua kililingana na upeo ulikaa vizuri. Rangi ilikataa. Shavu la Hamadi upande wa kulia lilikuwa na ukijani hafifu ambao mtu wa mfano hakuwa nao. Tulidhani ni kitambaa cha nyuma, tukawasogeza mbele sentimita 40 pamoja na taa na kamera, haikusaidia. Chanzo kilikuwa ukuta wa ukumbi uliopakwa rangi ya kijani cha maji, nyuma ya shuka letu jeupe, na shuka lilikuwa fupi. Tuliongeza shuka la pili mpaka sakafuni, tukapiga fremu nyingine, shavu likarudi kuwa la mtu aliyekaa juani karibu na maji, na saa mbili usiku tukaanza kupiga sini ya 7.